Naomba ushauri: nyonga -2.6, mgongo -1.1, nishike kipi?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 71, amepimwa wingi wa madini kwenye mifupa. Shingo ya paja imesoma 0.546, T-score -2.6. Hesabu nimeielewa: wastani wa wanawake vijana ulioandikwa kwenye ripoti ni 0.858 na mchepuko 0.120, kwa hiyo (0.546 - 0.858) / 0.120 = -2.6. Kuanzia -2.5 kushuka ni osteoporosisi.

Mgongo ndio unanichanganya. Jumla ni -1.1, tukaambiwa "si mbaya". Lakini pingili moja moja zinasoma L1 -2.2, L2 -1.8, L3 -1.3, halafu L4 inaruka hadi +0.9! Mama ana maumivu ya kiuno ya miaka mingi, na najua mashine huhesabu hata vijifupa vinavyoota kwenye pingili iliyochakaa. Pingili iliyobonyea nayo husoma juu, na mama amepungua kimo sentimita 4.

Je, niombe L4 iondolewe kwenye hesabu? Na eksrei ya mgongo ifanyike kabla ya kuanza dawa? Waliopitia hili, au wanaosoma vipimo hivi, nisaidieni tafadhali.