Mrejesho: stiki imeiokoa runinga yangu

Niliuliza: "TV yangu janja ya inchi 43 imekuwa nzito, YouTube inafunguka kwa shida. Ninunue stiki ya bei nafuu, ile ya kuchomeka kwenye HDMI ili ifungue YouTube badala ya TV, au TV mpya?"

Wakuu, narudi na majibu kutoka Tanga. Mlioniambia niipime kwanza kwa king'amuzi, asanteni sana. Nilikichomeka kwenye HDMI nikaangalia mpira mpaka mwisho: picha safi, sauti haikatiki. Kumbe kioo ni kizima, uzito uko kwenye prosesa na memori ya TV. Stiki ina vyake, hivyo TV inabaki skrini tu. Nikanunua stiki Ngamiani.

Mwanzoni ilijizima na kuwaka upya kila video ikianza. Fundi akauliza, "Dada, umeme inachukua wapi?" Ulitoka kwenye USB ya TV, ambayo mara nyingi hutoa ampea 0.5 tu. Nikaihamishia kwenye adapta ya ukutani, volti 5 ampea 1, haijazima tena. YouTube sasa inafunguka chapu.

Ila TV yenyewe bado inachelewa kuwaka, huko stiki haigusi. Na kama king'amuzi nacho kingeonyesha mistari au giza upande mmoja, ningenunua TV mpya tu.