Tupeane uzoefu: mtoto aliyekariri darasa, nini kilimpata baadaye?

Mama Wawili (mwanzisha mada)
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Januari alikaa darasa la tano siku tatu, madaftari nimeshayafunika kwa kaki. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yakaja na E, akaambiwa abebe begi arudi. Hilo ningelimeza, ila mdogo wake wa kike mwaka huu naye ameingia la nne, na shule ina mkondo mmoja. Mwalimu akiuliza, mdogo ananyoosha mkono, kaka anaangalia dawati. Juzi nimemsikia akimwambia mwenzake, "Mimi kichwa changu hakishiki." Hajawahi kusema hivyo. Mliopitia haya, nisimulieni yaliyofuata.

Mpenda Hesabu
Kukariri si kubaya mama. Mimi jedwali la kuzidisha nililiimba kila asubuhi njiani, hadi leo halijatoka. Mwache akariri, ila aelewe pia.

Jirani wa Mpakani
Ndugu, anaongelea kurudia darasa. Huku kwetu Kenya hilo halipo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza.

Otis
Kwenye karatasi ni kweli. Mimi 2015 nilirudishwa darasa la saba, sheria ikiwa na miaka miwili. Shule ilitaka wastani wa KCPE usishuke. Mzee aliitwa akatiwa kalamu mkononi, ikaandikwa kuwa mzazi ndiye ameomba. Sikuwa wa mwisho darasani, nilikuwa wa kati tu. Wenzangu wakawa wakubwa wangu, wadogo zangu wakaniita "babu". Shule sikuiacha, lakini tangu hapo hadi nimemaliza kidato cha nne sikunyoosha mkono tena, hata jibu nikiwa nalo. Mama, hilo la dawati ulilolisema nalijua.

Baba Tatu
Mimi nitasema tofauti. Nililazwa karibu muhula mzima nikiwa la tatu, baba akaomba nirudie. Mwaka uliofuata nikaelewa kila kitu, nikapenda shule. Tusiseme kurudia ni sumu kwa kila mtoto.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa
Baba Tatu, wewe yalikupita masomo ya la tatu, ukapewa ya la tatu. Ilikufaa. Wengi ninaowapokea mimi hawako hivyo. Nafundisha la nne mwaka wa 14 sasa. Kuna mmoja alirudishwa kwangu akiwa na miaka 13, ana E hata kwenye sayansi. Nikampa hadithi fupi ya darasa la pili. "Baba" anasoma, "kalamu" anasoma. Alipofika "mbwa" na "ng'ombe" akakwama, akaanza kubahatisha kwa kuangalia picha. Sayansi aliijua ukimuuliza kwa mdomo, swali ndilo hakuweza kulisoma. Shimo lake lilikuwa la darasa la pili, sisi tukamrudishia vitabu vya la nne, vilevile alivyoshindwa kuvisoma mwaka uliopita.

Nilimchukua dakika 40 baada ya vipindi, pamoja na watoto watano wa la tatu hadi la tano, makusudi, ili kundi lisipate jina. Tukaanza na silabi za mwambatano. Kufika Juni alisoma ukurasa mzima. Mwezi wa nane akaondoka, kwenye dagaa. Kusoma alishajua, ila alikuwa mkubwa kuliko darasa zima, na ziwani alihesabiwa kama mtu mzima. Hilo dawa yake sikuipata. Kuna utafiti wa Senegal wa 2010 uliolinganisha watoto waliokuwa na uwezo karibu sawa tangu madarasa ya mwanzo, na waliorudishwa ndio walioacha shule zaidi. Sikushangaa.

Mama, tazama daftari la mahudhurio. Wangu alianza kukosa siku ya gulio tu. Kisha gulio na kesho yake. Kisha akawa anakuja bila kalamu. Ukiona hatua ya kwanza usisubiri ya pili.

Mama Wawili
Shikamoo mwalimu. Nimempa hadithi ya mdogo wake kama ulivyofanya. Imekwama pale pale, kwenye "mbwa". Miaka minne nasaini ripoti zake, sikujua. Tumeanza jioni, mimi na yeye tu, mlango umefungwa ili mdogo asisikie. Nimeomba akae safu nyingine, mbali na dada yake. Mwalimu wa darasa amekubali. Gulio letu ni Jumatano. Wiki iliyopita alienda shule, jana hakwenda, alisema tumbo.

Otis
Mama, leo ameenda?

Mama Wawili
Ameenda. Kalamu nimemwekea mbili.