Picha ya hesabu au kuandika mwenyewe: njia ipi haipotezi alama?

Mama Rehema: Habari zenu wana jukwaa. Mwanangu yuko kidato cha pili, na jioni namsaidia kwa kupiga picha swali ili programu ya simu ilifanye. Juzi daftarini kulikuwa na 2ˣ⁻¹ = 16. Programu ikatoa 8.5. Nikasogea dirishani nikapiga tena, ikatoa 4.09. Mwalimu wake anasema jibu ni 5. Sasa nifuate njia ipi: niendelee na picha, niandike swali kwa vidole, au nimtumie mjomba wake picha kwa WhatsApp alisome kwa macho?

Mwalimu wa Zamu: Mama Rehema, majibu yote matatu ni sahihi, ila ni ya maswali matatu tofauti. Mara ya kwanza programu iliteremsha kipeo chote ikasoma 2x − 1 = 16, basi 2x ni 17 na x ni 8.5. Mara ya pili iliiacha x juu lakini ikaishusha −1, ikapata 2ˣ = 17. Kwa kuwa 2⁴ ni 16, x lazima izidi 4 kidogo tu. Daftarini −1 imo ndani ya kipeo. 16 ni 2⁴, kwa hiyo x − 1 = 4, na x ni 5.

Kwenye mwandiko, kipeo hutambulika kwa udogo wake na kwa kukaa juu. Watoto wengi huanza juu vizuri, kisha mkono unateremka kadiri wanavyokwenda kulia, na hapo ndipo −1 huanguka. Kabla ya kutazama jibu, soma swali lililochapwa kwenye skrini na ulilinganishe na daftari, alama kwa alama.

Juma wa Tanga: Mbona rahisi? Chukua jibu ulirudishe kwenye mlinganyo. Likikubali, ujue picha ilisomwa sawasawa.

Mwalimu wa Zamu: Juma, inategemea unalirudisha wapi. Weka 8.5 kwenye 2x − 1 ya skrini, utapata 16 safi kabisa. Weka kwenye swali la daftari, unapata 2 kwa kipeo cha 7.5, ambayo ni kama 181. Lirudishe kwenye karatasi, la sivyo unaupima mlinganyo uliokosewa kwa jibu lake wenyewe.

Kipanga: Na mimi nina tatizo hilohilo. Kikokotoo changu kinatoa −9 kwa −3², mwalimu anasema 9. Kimeharibika?

Bi Zuhura wa Steshenari: Kipanga, hakijaharibika, na hilo si suala la picha. Bila mabano kipeo kinashika 3 peke yake. Kama swali ni (−3)², andika na mabano, utapata 9.

Mama Rehema, mimi nachapa mitihani, na walimu hunitumia maswali kwa WhatsApp. Hata macho ya mtu hukosea. Picha ikitumwa kawaida hubanwa, na mistari myembamba hufifia, kwa hiyo huwaomba waitume kama dokumenti. Alama ya kutoa iliyolala juu ya mstari wa daftari ndiyo inayonitesa kuliko zote. Mwandishi aiweke katikati ya mistari miwili. Sehemu nazo zina balaa lake. Mwalimu mmoja alitaka x + 6 yote igawanywe kwa 2, lakini mstari wake ulifunika 6 tu. x ikiwa 4, yeye alitarajia 5, mtihani niliouchapa ukatoa 7. Tangu siku hiyo nampigia mtu simu mstari ukiwa mfupi.

Juma wa Tanga: Basi aandike tu kwa vidole, yaishe.

Mama Rehema: Nimejaribu sasa hivi. Nimeandika hivi:

```
2^x-1=16
```

Imerudi 4.09 ileile!

Mwalimu wa Zamu: Kwa sababu hapo ni wewe uliyeishusha −1. Kipeo chenye zaidi ya alama moja kinahitaji mabano:

```
2^(x-1)=16
```

Sehemu ya Bi Zuhura nayo ni `(x+6)/2`. Kwangu mimi kuandika ndiko bora kwa vipeo, kwa sababu mabano unayaweka ukijua unachokifunga. Picha naiamini kwenye maswali yaliyochapwa kitabuni.

Mama Rehema: Imetoa 5. Asanteni sana, ndugu zangu.

Kipanga: Na `1/2x` je? Kikokotoo changu kinaichukulia kama nusu ya x, cha kaka yangu kinagawa 1 kwa 2x yote.

Bi Zuhura wa Steshenari: Mimi hiyo siichapi mpaka mwenyewe aweke mabano.

Juma wa Tanga: Ni nusu ya x, tunakwenda kushoto kuja kulia.

Mwalimu wa Zamu: Juma, vitabu vingi huiandika 2x kama kitu kimoja kilichoshikana. Hapo sikubaliani nawe.