Bei ya omena Kibuye: mtanziko wangu wa wafungwa umekosea wapi?

Mwana_Kondele
Hamjambo nyote. Niko mwaka wa pili, nasomea uchumi. Zoezi la nadharia ya michezo limerudi na alama 3 kati ya 10. Tuliambiwa tutunge mfano wa mtanziko wa wafungwa, yaani mchezo ambapo kila mmoja anavutwa kumsaliti mwenzake ingawa wote wangepata zaidi wakishirikiana, kutoka soko tunalolijua. Mama yangu anauza omena Kibuye, kwa hivyo sikuhangaika kutafuta.

Niliweka wauzaji wawili, Atieno na Nafula, meza zao zikitazamana. Kila mmoja ananunua gorogoro kwa shilingi 200. Asubuhi kila mmoja anachagua bei bila kujua ya mwenzake: 300 au 250. Wateja wananunua gorogoro 40 kwa siku. Bei zikilingana, kila mmoja anauza 20. Mmoja akiwa chini, anauza 36, na mwenzake anabaki na 4 za wateja wake wa tangu zamani. Nikamalizia kwamba wote watashusha hadi 250 na kuambulia 1,000 kila mmoja badala ya 2,000.

Mhadhiri ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huu si mtanziko. Piga hesabu ya anayeshusha." Nimepiga, napata 1,800. Na 1,800 ni zaidi ya 1,000. Sasa kosa liko wapi? Narudisha Alhamisi.

Boda_Mamboleo
Omera, unaonewa. Anayeshusha bei humaliza mali kwanza, hilo hata sisi wa stejini tunalijua. Na mtanziko wa wafungwa jibu lake ni moja: kila mtu anamsaliti mwenzake. Huo ndio msawazo wa Nash, na huwa mmoja tu. Kata rufaa.

Mama_Nyanya_Nakuru
Mwanangu, mwambie mama asishushe bei hata kidogo. Hapa kwetu mstari mzima tulikubaliana bei ya ndoo. Jirani yangu bei yake ilikuwa ileile yetu, lakini kila ndoo alikuwa anaongeza nyanya sita juu. Ilinichukua wiki mbili kujua. Wateja wangu walikuwa wanapita wakinisalimia tu.

Mwalimu_Kakamega
Mwana Kondele, sahau jina la mchezo kidogo, ukae kwenye kiti cha Atieno. Nafula ameweka 300. Atieno naye akikaa 300, anauza 20 kwa faida ya shilingi 100 kila moja, anapata 2,000. Akishusha hadi 250, anauza 36, lakini kila gorogoro sasa inamwachia 50 tu. Ndiyo hiyo 1,800 yako. Amepima karibu maradufu, mgongo unamuuma, na amerudi nyumbani na pungufu ya 200. Wewe ulilinganisha 1,800 na 1,000, lakini hiyo 1,000 ni ya siku ambayo Nafula naye ameshusha. Unapopima uamuzi wa Atieno, Nafula lazima asimame palepale.

Sasa mpeleke Nafula 250. Atieno akibaki 300 anauza 4, anapata 400. Akishuka anapata 1,000. Atashuka.

Kwa hivyo umetunga mchezo wenye mahali pawili pa kutulia, ndiyo misawazo ya Nash: wote 300, au wote 250. Popote watakapokutana, hakuna anayefaidi kwa kuhama peke yake. Shida yao ni kuaminiana tu, yaani kila mmoja anajiuliza mwenzake atafungua na bei gani leo. Kwenye mtanziko wa wafungwa hakuna haja ya kujiuliza hivyo, maana kusaliti kunakulipa mwenzako afanye lolote.

Boda, Nash alichothibitisha mwaka 1950 ni kwamba mchezo wenye wachezaji na chaguo za kuhesabika una angalau msawazo mmoja, pengine kwa kuruhusu mtu achague kama anayerusha sarafu. Hakusema ni mmoja tu, wala hakusema ni mzuri.

Boda_Mamboleo
Sawa mwalimu. Lakini anayeshusha bado anamaliza mali kwanza.

Mwalimu_Kakamega
Anamaliza, ndiyo. Faida ndiyo haifuati. Wawili wakiwa wanagawana sawa, anayeshusha hawezi kuuza zaidi ya maradufu. Punguzo likila nusu ya faida ya kila gorogoro, hata akimnyang'anya mwenzake wateja wote hajaongeza kitu.

Mwana_Kondele
Ala! Kumbe punguzo langu ndilo kubwa mno. Nikiweka 270 badala ya 250, anayeshusha peke yake anapata 36 mara 70, yaani 2,520. Wote wakiwa 270 kila mmoja ana 1,400. Aliyebaki juu peke yake, 400.

Mwalimu_Kakamega
Hapo sasa umefika. Nafula akiwa 300, Atieno anachagua kati ya 2,000 na 2,520. Nafula akiwa 270, anachagua kati ya 400 na 1,400. Pande zote mbili 270 inashinda, na Nafula anapiga hesabu hiyohiyo. Wanaishia 1,400 kila mmoja huku wakiiona ile 2,000. Hiki ndicho kisa cha Albert Tucker cha 1950, cha washukiwa wawili waliotengwa vyumba. Watu hushikilia vile vyumba, wakidhani wangeongea yangekwisha. Hata Atieno na Nafula wakiahidiana jana jioni, asubuhi ile 2,520 bado iko mezani.

Ndiyo maana kisa cha mama wa nyanya kinafaa zaidi kuliko alivyokusudia. Nyanya sita ni kushusha bei bila kubadilisha bei.

Mama_Nyanya_Nakuru
Mimi nilidhani mnaulizia biashara. Lakini sisi tunaonana kila siku, si kama hao wafungwa. Nilipojua, na mimi nikaanza kuongeza saba. Baada ya siku chache akaja mwenyewe kuniambia tuache.

Mwalimu_Kakamega
Mama, hapo umenipokonya chaki. Kwa namba za kijana, kusaliti leo kunaongeza 520, lakini kuanzia kesho kila siku unapoteza 600. Mwenye kuijali kesho hasaliti, mradi anajua atagunduliwa upesi. Wiki zako mbili ndizo zilizomlipa jirani: alikula siku 14 kabla ya siku ya kwanza ya hasara. Na siku ya mwisho ikijulikana, tuseme soko linahamishwa tarehe fulani, siku hiyo hakuna kesho ya kuogopa. Wakishajua hilo, hata siku iliyotangulia inaanza kuyumba.

Hakimu_wa_Busia
Angalizo dogo. Washindani kukubaliana bei kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2010. Kijana asiandike kwamba suluhisho ni mkutano wa wauzaji.

Mama_Nyanya_Nakuru
Hiyo sheria ije kwanza inipimie ndoo.

Mwana_Kondele
Asanteni sana, nimeandika upya. Kitu kimoja kinanisumbua. Kwa nini waishie 270? Nikiwaruhusu washuke shilingi kumi kumi, kila hatua anayeshuka bado anafaidi, mpaka wote wanafika 220. Hapo kila mmoja ana 400. Akienda 210 anapata 360, kwa hivyo haendi. Lakini aliyeko 220 akiruka kurudi 300 na wale wateja wake 4, anapata 400 vilevile!

Mwalimu_Kakamega
Hesabu yako ni sahihi, na ile 270 ilitulia kwa sababu ulimpa kila mmoja bei mbili tu. Kwa hiyo sare, 220 bado ni msawazo, maana hafaidi kwa kuhama, ila hapotezi pia. Kama kweli angehama, sijui. Muulize mama yako: wale wateja wanne wangeendelea kulipa 300 huku meza ya pili ni 220?

Mwana_Kondele
Nimemuuliza. Amesema wawili wangebaki, na mmoja kati yao ni shangazi.