Pesa ya asali imekwama kwenye jukwaa: mnunuzi kapokea mzigo ila hathibitishi. Nifanyeje?

Mama Nzuki wa Tabora

Habari za humu wakuu. Nauza asali ya nyuki wakubwa inayotoka Sikonge, nafungasha hapa Tabora mjini. Mwezi huu nilipata oda ya ndoo tatu za lita 20, shilingi 600,000, kupitia jukwaa moja la kuuzia mtandaoni. Mnunuzi yuko Dar. Alilipa, jukwaa likaishikilia pesa mpaka athibitishe kupokea.

Tarehe 5 nikapakia kwenye basi, tarehe 6 mzigo ukafika Mbezi, tarehe 7 ukachukuliwa. Jioni hiyo akaniandikia WhatsApp: "Mama asali nimeipata, nitabonyeza baadaye." Leo tarehe 19, simu inaita hapokei. Oda bado inasomeka "Imetumwa, inasubiri uthibitisho". Huduma kwa wateja wananijibu nisubiri mnunuzi athibitishe. Mrina asali wangu anadai 390,000 zake na hana habari na mambo ya kubonyeza.

Hivi hawa wenye jukwaa huwa wanaamuaje? Au asipobonyeza ndiyo basi tena?

Dogo wa Cheyo

Pole mama. Pesa ikienda namba siyo, piga huduma ya mtandao wako chapchap kabla jamaa hajaitoa kwa wakala. Mimi nilirudishiwa 45,000 yangu hivyo hivyo.

Mama Nzuki wa Tabora

Mwanangu, mimi sijatuma pesa kokote. Mimi ndiye ninayedai.

Mfasiri wa Ujiji

Mama usiwe na presha. Mimi nafanya tafsiri Upwork. Kwenye kazi ya bei isiyobadilika, mteja akikaa kimya siku 14 baada ya kukabidhiwa, pesa inaachiliwa yenyewe. Mzigo wako umepokelewa tarehe 7, kwa hiyo tarehe 21 unalipwa. Tulia tu.

Karani Mstaafu

Mfasiri, umesema kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo imemkwamisha mama.

Hizo siku 14 zako hazihesabiwi tangu mteja alipoipata kazi. Zinahesabiwa tangu wewe ulipoiwasilisha pale pale kwenye mfumo. Ungemtumia faili kwa baruapepe, hata angekushukuru mara kumi, saa isingeanza. Kwenye bidhaa nako ni hivyo hivyo: saa huanza oda ikigeuka kuwa "Imefikishwa", na kwa kawaida anayeigeuza ni msafirishaji aliyeunganishwa na jukwaa. Basi halijaunganishwa na kitu.

Mama, ulipojaza sehemu ya usafirishaji uliandika nini?

Mama Nzuki wa Tabora

Nilichagua "Nyingine". Penye namba ya kufuatilia mzigo nikaacha wazi, maana risiti ya basi imeandikwa kwa kalamu.

Karani Mstaafu

Basi umeuona ugonjwa. Mfumo unajua umetuma, haujui kama kuna kitu kimefika. Tarehe 21 itapita kama siku nyingine.

Nilikaa dawati la malalamiko la jukwaa moja miaka kadhaa, nikwambie tulivyokuwa tunasoma. Yule anayeamua hapimi nani mkweli. Kwenye kesi ya "mzigo umefika au haujafika" ana swali moja: kuna karatasi inayouunganisha mzigo huu na mtu huyu wa kwenye oda? Kuthibitisha hilo ni kazi ya muuzaji. Ukishindwa, pesa inaweza kurudi kwa mnunuzi huku asali anayo.

Kwa hiyo acha kuandika "naomba pesa yangu". Andika "naomba oda ibadilishwe kuwa Imefikishwa tarehe 7, ushahidi huu hapa". Ombi la kwanza linasomwa na mtu wa kujibu simu, naye atakujibu usubiri. La pili analipeleka dawati la migogoro. Ambatanisha risiti ya basi, tena ipigwe picha nzima, pembe zote zionekane.

Mama Nzuki wa Tabora

Risiti ninayo hapa. Imeandikwa "ndoo 3 asali, kg 84", jina la mnunuzi, ila namba ya simu ni ya kijana wake wa dukani. Aliniambia yeye ndiye atakayekwenda Mbezi.

Karani Mstaafu

Hizo kilo 84 ni nzuri kuliko unavyodhani. Lita 20 za asali ni kama kilo 28, mara tatu ndiyo hiyo 84. Mtu hawezi kusema ulituma maji, yangekuwa kilo 60 na ndoo.

Namba ya kijana ndiyo tundu. Kwenye oda hayupo. Fanya mambo mawili. Nenda ofisi ya basi hapo Tabora, waombe wenzao wa Mbezi wapige picha ukurasa wa daftari aliposaini. Halafu mwandikie mnunuzi ndani ya jukwaa lenyewe, siyo WhatsApp. Usimdai. Muulize kitu cha kawaida: "Ndoo ya tatu mfuniko wake ulikuwa mgumu, ulifunguka salama?" Akijibu lolote kuhusu mfuniko, amekiri kupokea mbele ya mwamuzi. Maneno ya WhatsApp peleka pia, ila namba yake ionekane, maana skrinshoti yenye jina tu ulilolihifadhi mwenyewe haimtambulishi mtu.

Na akikwambia "futa oda nikulipe moja kwa moja kwa simu", usiguse. Muuzaji akifuta, pesa yote inarudi kwa mnunuzi papo hapo, wala hakuna dawati litakaloifuata.

Dagaa Kibirizi

Mimi ndiyo maana dagaa zangu hazitoki Kigoma kabla sijaona pesa. Mambo ya kushikiliwa sitaki.

Mfasiri wa Ujiji

Na wa Dar akutumie laki sita hakujui?

Dagaa Kibirizi

Wananijua.

Mama Nzuki wa Tabora

Wakuu, mrejesho. Daftari la Mbezi nimetumiwa, saini ya kijana ipo. Jukwaa wamebadilisha oda jana kuwa "Imefikishwa" na wakampa mnunuzi siku 3. Swali la mfuniko nimeuliza. Leo asubuhi kajibu humo humo: "Mfuniko sawa, lakini ndoo mbili zimeganda chini kama sukari, hii asali umechanganya." Kafungua lalamiko anataka arudishiwe nusu. Zile siku 3 zimesimama.

Karani Mstaafu

Amekasirika vizuri. Kwa maneno hayo kesi ya kupokea imekwisha, tena kaimaliza mwenyewe. Sasa ni kesi ya "siyo kama ilivyoelezwa", na hapo mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake: alete picha, na mara nyingi akitaka pesa yote ataambiwa arudishe mali. Asali halisi huganda, hilo lieleze kwa upole na uweke picha ulizopiga siku ya kufungasha.

Mfasiri wa Ujiji

Mimi ningempa punguzo la 50,000 kupitia jukwaa, yaishe. Mrina asali alipwe.

Karani Mstaafu

Inawezekana, simkatalii. Ila punguzo likubaliwe kwenye lalamiko lenyewe, na kwanza tujue nguvu yake. Mama, maelezo ya bidhaa yako siku aliyonunua yalisemaje? Mwamuzi anaanzia hapo, na ukiyabadilisha leo yeye bado anaona ya siku ile.

Mama Nzuki wa Tabora

Yanasema: "Asali mbichi ya Sikonge, safi, nyepesi ya kumiminika."

Karani Mstaafu

Aah. Hiyo "ya kumiminika" ndiyo atakayoishika. Usijibu kitu bado, nitumie picha za ndoo kabla hujalala.