Ajio na fre za banki za mwaka muzima: biki, Ekseli ao kuomba eshele?

Kinkayeri_Katuba
Jambo ba ndugu. Niko na kinkayeri kidogo hapa Katuba, konti yangu ni ya dola na banki ilinipatiaka dekuveri, njo ruhusa ya kushuka chini ya sifuri, ya 18% kwa mwaka. Mwaka 2024 nilikuwa naona franga inapungua tu bila kujua inapita wapi, njo nikachukua releve zote 12 nikakaa na biki nyekundu butuku mbili, nikazungushia kila kitu banki ilikata. Ajio, njo riba ya dekuveri, 214,60. Tenii, njo fre ya kuchunga konti, 130. SMS 24. Yote 368,60. Kijana wangu akasema papa unajisumbua bule, akaingiza yote ndani ya Ekseli, yeye akapata 393,24. Sasa tuko paka kubishana na mama yake anatucheka. Kuna mwingine pa soko anasema tuache yote mbili, niende banki niombe eshele, ile karatasi ya hesabu ya ajio siku kwa siku. Nyinyi munafanyaka namna gani?

Kijana_Kamalondo
Ekseli, hakuna hata kuuliza. Biki inachoka, Ekseli haichoke. Na ajio haiombi hata releve muzima papa, unachukua sode ya mwisho wa mwezi, unazidisha na 18%, unagawa na 12, ukiona inafanana na ya banki basi unalala.

Mama_Nyawera
Mi niko Bukavu. Niliomba eshele kwa banki yangu, nilirudi mara tatu, mara ya mwisho wakaniambia karatasi yenyewe inalipiwa, nikalipa. Ni nzuri juu inaonyesha kila siku ulikuwa chini ya sifuri na ngapi, lakini fre za konti na za SMS hazimo, ni mambo ya ajio tu. Kwa hiyo ukiomba eshele ukidhani utapata jumla ya mwaka, utarudi nyumbani na karatasi nusu.

Taximan_Ruashi
Kwetu inayotumaliza ni kutoa franga pa simu, kila ukitoa wanakata. Ile nayo anaingiza wapi?

Yaya_Kontabule
Ruashi, ile haionekani pa releve ya banki, ni hesabu ingine, tuiache kwanza.

Papa Kinkayeri, mbele ya kuchagua njia angalia tofauti yenu. 393,24 kutoa 368,60 inabaki 24,64. Sasa chukua tenii 130 na SMS 24, ni 154, piga 16%: inatoka 24,64 kamili, hata senti haibaki. Ni TVA. Banki inaiandika pa mustari wake peke yake chini ya fre, imeandikwa tu `TVA` na franga kidogo, 1,60 hapa 0,32 pale, na biki inairuka juu jicho linatafuta namba kubwa. Kwa hiyo pale kijana wako ana haki.

Lakini na yeye hajafika. Tenii ni 10 kila mwezi? Kama ni 10, mwaka ni 120, hiyo 130 inatoka wapi? Tafuteni mwezi ilikatwa mara mbili, kisha muangalie upande wa kredi.

Kinkayeri_Katuba
Yaya we ni mulozi! Ni Julai. Walikata tarehe 1, wakakata tena tarehe 3, na tarehe 22 kuko mustari `EXTOURNE FRAIS` 11,60 kwa kredi. Mi nilidhani ni mteja alilipa kitu kidogo.

Yaya_Kontabule
Njo hiyo. Walijirekebisha, walirudisha 10 na TVA yake 1,60. Ekseli ya kijana ilijumlisha debi tu. 393,24 kutoa 11,60 ni 381,64, na hiyo njo franga ilitoka kweli kwa konti mwaka 2024. Na pa Ekseli musitafute neno ndani ya libele, yale maandishi ya kila mustari, juu banki inaandika namna ingine kila mwezi, na `EXTOURNE FRAIS` haina hata neno tenii. Ongezeni kolone F, muandike nyinyi wenyewe aina ya kila mustari (ajio, tenii, sms, na TVA mukaiweka pamoja na fre yake), halafu debi ya kolone D kutoa kredi ya kolone E:

```
=SOMME.SI(F:F;"tenii";D:D)-SOMME.SI(F:F;"tenii";E:E)
```

Kitu kingine, kama mulikopi kutoka PDF yenye nukta, 10.00, Ekseli ya kifaransa inaona ni maandishi, inayaruka na haisemi kitu. Namba imesimama upande wa kushoto wa kisanduku, basi ni maandishi, badilisha nukta iwe koma. Na mwisho: sode ya kwanza ya Januari, ongeza kredi zote, toa debi zote, lazima ifike sode ya mwisho ya Desemba. Isipofika kuko ukurasa umepotea ao namba imerukwa, na hapo musibishane juu ya ajio kwanza.

Kijana_Kamalondo
Sawa kwa fre, lakini kwa ajio njia yangu iko sawa, mi naitumiaka.

Yaya_Kontabule
Mudogo, ajio inahesabiwa kwa siku, haiangalie mwisho wa mwezi. Papa, tupatie mwezi mumoja wenye dekuveri ya mara moja tu.

Kinkayeri_Katuba
Marsi. Tarehe 6 nilishuka 2.000 chini kulipa simenti, Ijumaa tarehe 15 nikaweka sheki ya mteja, nikapanda. Mwisho wa mwezi nilikuwa na 640 juu. Walikata ajio 13,00.

Yaya_Kontabule
Kwa njia ya Kamalondo ajio ya Marsi ni sifuri, si ulikuwa juu mwisho wa mwezi? Tuhesabu vizuri. Kutoka tarehe 6 mpaka 15 ni siku 9. 2.000 mara 9 mara 18, gawa na 36.000, ni siku 360 mara 100 ya asilimia, inatoka 9,00. Banki ilichukua 13,00. Ile 4 iliyozidi ni siku 4 za 2.000. Angalia pa releve kolone ya tarehe ya valeri ya ile sheki, njo siku banki inahesabu franga imeingia.

Kinkayeri_Katuba
Imeandikwa 19.

Mama_Nyawera
Yaani aliweka Ijumaa, kwa banki inakuwa Jumanne, na wikendi yote analipa?? Mi hapo ningepiga kelele.

Yaya_Kontabule
Sheki inakaaka siku mbele ya kuingia, hiyo ni kawaida, lakini siku ngapi inaandikwa pa kontra ao pa karatasi ya tarife. Kama wameandika 2 na walichukua 4, papa ana haki ya kudai. Na hapa njo naona eshele ina faida: ukijumlisha na kuona mwezi hauelewi, unaomba eshele ya ule mwezi peke yake, hata kama ni ya kulipa.

Na muangalie ajio ya tarehe 3 Januari, ni ya mwezi gani?

Kinkayeri_Katuba
31,20, imeandikwa Desemba 2023. Na ya Desemba 2024 walikata Januari 2025, ni 17,40.

Yaya_Kontabule
Basi chagua swali lako. Franga iliyotoka mwaka 2024 ni 381,64. Kama unataka kujua mwaka 2024 wenyewe ulikugharimu ngapi, toa 31,20, ongeza 17,40, unapata 367,84. Yote mbili ni kweli, musizichanganye tu.

Kijana_Kamalondo
367,84 na biki ya papa ilikuwa 368,60 😂 kwa hiyo biki ilishinda?

Yaya_Kontabule
Bahati ya makosa yaliyokutana. Aliruka TVA, akasahau ekisturne, akaingiza Desemba ya 2023 pahali pa ya 2024.

Kinkayeri_Katuba
Kijana wangu asione hii. Kontra ya dekuveri naitafuta tangu asubui juu ya zile siku 4, mama yake anasema kuko karatasi za banki alifungia misumari pa duka.