Uzi: Data zangu zimeegemea upande mmoja, je, naruhusiwa kutumia alama z?

Mtahiniwa: Ndugu wanajamvi, naombeni ushauri. Nimepima muda ambao wagonjwa 64 walisubiri kumwona daktari, ili nijue kama wastani umezidi dakika 60 zinazolengwa. Wengi walisubiri muda mfupi na wachache walikaa mno, hivyo mchoro una mkia mrefu upande wa kulia. Msimamizi anataka alama z, nami naogopa kwa sababu mgawanyo wangu si wa kawaida, yaani hauna umbo la kengele.

Bi Hesabu: Wastani na mchepuko sanifu ni ngapi, na je, data hizo ni zote ulizokusanya?

Mzee wa Takwimu: Sampuli ikizidi 30, data zenyewe zinakuwa za kawaida. Endelea tu.

Bi Hesabu: Hapana, mzee wangu. Data hubaki na mkia wake hata ukipima watu elfu. Kinachokaribia umbo la kengele ni mgawanyo wa wastani, kama ungerudia kuchukua sampuli mara nyingi. Mgonjwa mmoja aliyesubiri saa tatu huugawa uzito wake kwa 64, na ni nadra wengi wa namna yake kuangukia sampuli moja. Hiyo 30 nayo si sheria, kwani mkia mzito sana hudai sampuli kubwa zaidi.

Mtahiniwa: Wastani ulikuwa 69 na mchepuko 40. Ila nimeshawaondoa watano waliosubiri takriban dakika 180 kila mmoja, maana waliharibu mchoro. Sasa wastani ni 59.6, na nadhani ni halali, kwa kuwa mchoro umenyooka.

Mama Salome: Mimi niliwahi kusubiri tangu alfajiri hadi adhuhuri nikiwa na mtoto mwenye homa. Mwanangu, hao watano ni watu, usiwafute.

Bi Hesabu: Mama amegusa penyewe. Kwa kuwafuta umegeuza jibu kutoka juu ya lengo hadi chini yake. Warudishe, kisha ugawe 40 kwa kipeuo cha pili cha 64, yaani 8, upate 5. Tofauti ya 9 ukiigawa kwa 5 unapata z ya 1.8. Kama lengo linatimizwa, wastani wa juu kiasi hicho hutokea takriban mara 4 katika 100. Usigawe kwa 40, maana hiyo humpima mgonjwa mmoja.

Mpekuzi: Samahani, 64 na 40 zinagawanyika vizuri mno. Nashuku kisa hiki kimetungwa.

Mtahiniwa: Sikutunga, ndugu. Mchepuko ni 39.7, nikaukadiria. Na 64 ndio wote waliokuwa kwenye foleni ya Jumatatu ile.

Bi Hesabu: Foleni moja, siku moja? Basi daktari akichelewa, wote walio nyuma huchelewa pamoja, na hapo kugawa kwa 8 kunakupa uhakika usiokuwa nao. Ile 1.8 ni kubwa kuliko inavyostahili, na kwa Jumatatu moja siwezi kukwambia ni kwa kiasi gani.

Mtahiniwa: Lakini ripoti inatakiwa Ijumaa.

Mzee wa Takwimu: Basi kapime na siku nyingine zilizobaki, hata wagonjwa kumi kumi kila siku, na uandike wazi kwamba walitoka siku tofauti.